Adresi ya Pamoja na Adresi ya Peke Yetu: Kilichotokea kwa Konti ya Michango

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye biro yetu, Nyawera, komini ya Ibanda



Komite iliniomba nieleze kwa nini zile dola 640 za vifaa vya shule zilikaa siku 11 bila kutoka. Wengine wamesema pesa iliibiwa. Haikuibiwa. Wengine wamesema mama mhasibu alisahau neno la siri. Hakusahau. Kosa lilikuwa kwenye adresi, na adresi hiyo hakuna aliyekuwa anaifikiria.

Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao kinaonekana upande wa pili kwa namba, ndiyo adresi ya IP. Namba za mfumo wa zamani, ambao bado ndio unatumika sana, ni karibu milioni elfu 4 na 300 kwa dunia nzima, na zimeshagawanywa karibu zote. Huku Afrika anayezigawa ni AFRINIC, iliyoko Morisi, na tangu mwezi wa 1 mwaka 2020 kampuni haipewi zaidi ya adresi 1 024 kwa mara moja. Sasa kampuni ya simu yenye wateja mamilioni itafanya nini? Inawaweka watu wengi nyuma ya namba moja.

Mnajua parsele ya hapa Ibanda: familia kumi, mulango moja. Mtoto wa nyumba ya nyuma akirusha jiwe kwenye kioo cha jirani, jirani anakuja kupiga hodi kwenye mlango ule ule mnaopitia ninyi wote. Hiyo ndiyo adresi ya pamoja. Mwanzo wa mwaka 2007 jambo hilo liliwapata watu wa Qatar, kule Ghuba. Karibu nchi nzima ilikuwa inatokea kwenye mtandao kwa adresi moja ya kampuni ya Qtel. Wasimamizi wa Wikipedia waliona uharibifu unatoka kwenye namba ile, wakaifunga, na kwa muda mfupi watu wa Qatar wasiokuwa na konti wakashindwa kuandika chochote. Aliyeifunga hakuwa na nia ya kufunga nchi. Aliona namba tu.

VPN nayo ni parsele, tena kubwa zaidi. Wengi wetu tuliiweka kwenye simu mwanzoni mwa 2025, X na TikTok zilipofungwa nchini. (Ikikatwa mtandao wote, kama ilivyofanyika toka mwisho wa 2018 hadi mwezi wa 1 wa 2019, VPN haisaidii kitu, juu haina njia ya kupita.) Ukiiwasha, tovuti haioni tena adresi ya kampuni yako ya simu, inaona ya serveri ya VPN, labda Uholanzi, labda Ujerumani. Serveri hiyo hiyo inatumiwa na mamia ya watu wengine saa hiyo, na katikati yao yuko anayejaribu maneno ya siri ya watu, yuko anayefungua konti za uongo mia kwa siku.

Tovuti inajikinga kwa hatua. Ya kwanza ni kapcha, ile michezo ya kuchagua picha za baiskeli na taa za barabarani. Mzee mumoja hapa aliniletea simu akisema: «Mutoto, hii kitu inasema mimi si mutu!» Nilimwelewa. Walimwomba achague picha za bomba za wazima-moto wa kando ya barabara. Nani ameona bomba hiyo hapa Nyawera? Hatua ya pili ni kukataliwa kabisa, kwa sababu adresi imeandikwa kwenye orodha nyeusi. Zipo nyingi, moja inayojulikana sana ni ya Spamhaus, iliyoanza mwaka 1998 kwa ajili ya kupambana na barua pepe chafu. Hatua ya tatu ndiyo inayouma: konti yenyewe inafungwa.

Sasa turudi kwenye dola 640. Siku ile mama mhasibu aliwasha ordinatere na VPN, ikamweka Uholanzi. Akafungua konti tunayopokelea michango. Kapcha ikaja mara nane. Wakati anapambana nayo, simu yake ilikuwa imefungua konti ile ile bila VPN, kwa hiyo kule walimwona pia Kongo. Umeme ukakatika, mnajua mambo yetu. Uliporudi, VPN ikachagua yenyewe serveri iliyo nyepesi, safari hii Ujerumani. Kwa macho ya kampuni ile, mtu mmoja alikuwa Bukavu, Uholanzi na Ujerumani ndani ya dakika 40, na adresi mbili kati ya hizo zinatumiwa na watu wasiojulikana. Nikikaa upande wao, na mimi ningefunga.

Tulituma statuti za shirika, kitambulisho cha mwenye konti na barua inayoeleza mambo yalivyokwenda. Hatukusema tuko Ulaya. Nasisitiza hapa: ukitumia VPN kisha ukajaza nchi isiyo yako ili ikubali, unageuza kosa la adresi kuwa uongo wa maandishi, na konti ya namna hiyo hairudi. Siku ya 11 walifungua.

Baada ya hapo tulinunua adresi ya peke yetu kwa yule yule anayetuuzia VPN, dola 5 zaidi kwa mwezi. Maana yake ni kwamba serveri inatupa namba moja isiyobadilika, na hakuna mteja mwingine anayeitumia. Nilidhani mambo yameisha. Siku ya kwanza kapcha zikaja vilevile! Nikaangalia namba ile kwenye orodha ya Spamhaus nikaikuta imo. Sisi tulikuwa tumeitumia kwa saa mbili tu, kwa hiyo ilikuwa dhambi ya aliyepanga kabla yetu. Kuangalia si kazi ngumu. Unafungua check.spamhaus.org na kuandika namba. Mwenye kuzoea ordinatere anaweza kuigeuza namba kinyumenyume na kuuliza hivi, mfano kwa namba 203.0.113.25:

```
nslookup 25.113.0.203.zen.spamhaus.org
```

Jibu la kusema jina halipo ni habari njema. Jibu la 127.0.0.2 au 127.0.0.4 ni baya: ya kwanza ni adresi iliyoshikwa kwa barua chafu, ya pili ni ya mashine yenye virusi au iliyotekwa. Lakini 127.0.0.10 au 127.0.0.11 isikutishe. Inasema tu kwamba adresi ni ya aina isiyopaswa kutuma barua pepe moja kwa moja, kama zile za nyumbani na za simu. Na likija 127.255.255.254, hujajibiwa: umeuliza kupitia serveri ya watu wote, nao hawaijibu hiyo. Tumia ukurasa.

Tuliomba namba nyingine, wakatupa bila kulipa tena. Ushauri wangu kwa mashirika mengine ni huo: uliza kabla ya kulipa kama watakubali kubadilisha namba chafu. Akikataa, acha.

Namba ya pili ilikuwa safi na kapcha zikapungua sana. Hazikuisha, na wafadhili wanaotaka kutununulia adresi za namna hii wajue sababu. Tovuti haiangalii tu kama namba ina dhambi, inaangalia pia ni ya nani. Namba ya VPN, hata ikiwa yako peke yako, imeandikwa kwa jina la kampuni ya serveri, si la kampuni inayouza mtandao nyumbani kwa watu. Kuna tovuti zinazokataa zote za aina hiyo. Tovuti moja ya kununua vitabu bado inatukataa hadi leo.

Tena sasa dhambi zikitokea ni zetu. Ordinatere moja ya biro ikishika virusi na kuanza kutuma barua chafu, hakuna wa kumsingizia. Na kuna jambo linalonigusa zaidi kama mtu wa terrain: namba ya pamoja inakuficha katikati ya watu, namba ya peke yako inakutaja. Kila tovuti tunayoifungua kwa namba ile inaweza kujua kwamba ni wageni wale wale wa jana, na muuzaji anajua namba imelipwa na nani. Kwa hiyo ukitafuta habari za njia fulani au za usalama wa kijiji fulani kabla ya familia kurudi, usitumie namba ya shirika. Hapo ile ya pamoja, na kapcha zake zote, ni bora.

Mama mmoja ameuliza: kwani konti ya pesa inahitaji VPN? Swali zuri, na jibu langu si la kumfurahisha muuzaji. Kwa mtu mmoja mwenye konti yake, mara nyingi haihitaji. Tovuti ya pesa inafunga maneno yenyewe; kampuni ya simu inaona umeenda wapi, haioni ulichoandika. Zima VPN, tumia laini ile ile, basi. Wenye laini ya Rwanda mnaovuka Ruzizi kila asubuhi, fungueni konti mkiwa upande mmoja, si mara huku mara kule ndani ya saa moja. Sisi tumeshika namba ya peke yetu kwa sababu moja tu: kampuni ya michango inaruhusu kuandika kwenye konti kwamba ifunguliwe kutoka namba fulani pekee. Mwizi akipata neno la siri akiwa kwingine, mlango haufunguki.

Ukiona kapcha nyingi, jaribu kwanza hivi: zima VPN, fungua dirisha la faragha, rudia. Zikiisha, shida huenda ilikuwa adresi. Zikibaki, washa data za simu ya jirani mwenye kampuni nyingine na urudie tena. Zikibaki hata hapo, shida huenda ni ordinatere yako, itafutiwe virusi.

Malipo ya namba yetu yanafika mwisho mwezi wa 3. Komite ikiamua kuiacha, mama mhasibu aanze kwa kuifuta kwenye konti ya michango, ndipo tuache kulipa. Akichelewa, wenyewe tutajikuta nje, na namba ile iliyoandikwa kwenye mlango wetu itakuwa imepangishwa kwa mtu mwingine.