Fomu ya upasuaji si ya kubahatisha

Msikilizaji wa Silver Spring au Alexandria, jirani anakupigia kutoka hospitali: kesho anatolewa mfuko wa nyongo, kapewa fomu ya ridhaa, anataka umsomee kwa Kiswahili. Unafika kwenye madhara ya dawa ya usingizi, unakwama. Hapo usibuni. Mwambie: “Dada, hii siiwezi, nitakupotosha. Usitie saini kwanza. Mwambie nesi unataka mkalimani wa Kiswahili.”

Wala haombi hisani. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010 kinaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu impe mkalimani mwenye ujuzi, bure, ana kwa ana au kwa simu au video. Haiwezi kumlazimisha alete wake. Mtoto mdogo (na ndiye tunayemtuma mara nyingi!) hutumiwa katika dharura tu, mkalimani akikosekana papo hapo.

Kama jirani ni wa Bukavu, aombe anayejua Kiswahili cha Kongo. Wewe nenda ukakae naye. Kabla ya kusaini, amweleze daktari kupitia mkalimani, kwa maneno yake mwenyewe, atafanyiwa nini.