Waya Mzima, Televisheni Nzima, na Bado Giza

Chukua waya wa HDMI, ule wa kichwa bapa unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye televisheni, kisha uulize watu kumi unapitisha nini. Wote watakujibu kwamba unapitisha picha na sauti. Ni kweli, lakini ndani ya waya huo huo zimo nyuzi nyingine ambazo kazi yake ni kupitisha mazungumzo. Kabla filamu haijaonekana, chombo kinachotoa picha hukihoji kile kinachopokea: wewe ni nani, una leseni, na picha hii ukishaipata utaipeleka wapi? Jibu lisiporidhisha, picha haiji, hata kama televisheni imetoka dukani jana.

Mahojiano hayo yanaitwa HDCP. Yalibuniwa na kampuni ya Intel ya Marekani, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, na leseni zake hutolewa na kampuni tanzu ya Intel. Waliokuwa na haja nayo hasa ni wenye filamu. Zamani mtu akinakili kaseti ya video, nakala ilichujuka, na nakala ya nakala ilikuwa chenga tupu. Picha ya kidijitali haichujuki; nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Basi wakataka picha itiwe kufuli njiani, ifunguliwe ndani ya kioo cha mwisho tu.

Nalileta jambo hili leo kwa sababu nimeona mafundi wakibadilisha nyaya tatu nne mfululizo, na wateja wakilipia kila mmoja, wakati ubovu haupo kwenye waya. Mtu akijua mahojiano yanavyokwenda, hataliwa fedha hivyo.

Katika toleo la kwanza mambo yako hivi. Kila chombo chenye leseni hutoka kiwandani na namba 40 za siri. Pamoja nazo kina kadi ya utambulisho ambayo si siri, yenye nafasi 40 zilizojazwa moja na sifuri, moja zikiwa 20 kamili na sifuri 20. King'amuzi na televisheni vikikutana, hubadilishana kadi. King'amuzi hutazama kadi ya televisheni, na kila penye moja huchukua namba yake ya siri ya nafasi hiyo. Mwisho hujumlisha zile 20 alizozipata. Televisheni nayo hufanya vivyo hivyo kwa kadi ya king'amuzi. Kwa kuwa namba zote za siri zilitengenezwa kutokana na jedwali mama moja, majumlisho hayo mawili hutoka sawa. Hakuna anayelitaja jumla hilo kwa sauti. Kila mmoja hulitumia kukokotoa jibu fupi, na king'amuzi hulinganisha jibu lake na la televisheni. Televisheni hupewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kuwa tayari na jibu.

Wala hayaishii hapo. Kila baada ya picha 128, yaani kama sekunde mbili hivi kwa televisheni ya picha 60 kwa sekunde, jibu huulizwa tena. Ndiyo maana utaona kioo kinawaka, kinazima, kinawaka tena kwa mwendo uleule kama taa ya gari inayokata kona. Huyo si mzimu. Ni mahojiano yanayovunjika na kuanza upya.

Sasa tuje kwenye splita, kile kisanduku kidogo chenye tundu moja la kuingiza na matundu mawili au manne ya kutoa. Kwa macho ya HDCP splita si kioo. Ni mpitishaji, na mpitishaji hujibu maswali mawili: yeye ni nani, na nyuma yake wapo akina nani. Hukusanya kadi za televisheni zote zilizo nyuma yake na kuzipeleka mbele kwa chombo kinachotoa picha, nacho huzikagua kwenye orodha ya vyombo vilivyofutiwa leseni. Toleo la kwanza humpa sekunde tano kumaliza kazi hiyo.

Bwana mmoja mwenye mgahawa hapa mjini alinieleza yaliyompata. Alikuwa na kisanduku cha kuonyesha filamu za intaneti, chenye uwezo wa 4K, yaani zile picha kali kuliko za kawaida. Alikuwa na televisheni mpya ya 4K ukutani na nyingine ya zamani karibu na kaunta. Akanunua splita mpya ya matundu mawili. Orodha ya filamu ikaonekana kote kuwili. Alipobonyeza filamu, ile mpya ikaonyesha na ya kaunta ikawa giza. Fundi akamwambia, "Mzee, waya wa kaunta umekufa." Akanunua mwingine, giza likabaki palepale.

Nikamwambia, "Kaka, acha nyaya kwanza, tujaribu kitu kimoja kimoja." Tuliunganisha kisanduku moja kwa moja na televisheni ya kaunta, kwa waya uleule uliosemwa umekufa. Filamu ikaja, ila kwa ukali wa kawaida, si wa 4K. Hapo waya ulikwisha kuvuliwa lawama. Tukarudisha splita ikiwa na televisheni mpya peke yake, filamu ikaja kwa ukali wote. Tukaongeza ya kaunta, nayo ikawa giza. Kila chombo kilikuwa kizima kikiwa peke yake. Taabu ilikuwa katika kukusanyika kwao.

Sababu ni hii. Filamu nyingi za 4K zinatakiwa kulindwa kwa toleo jipya, HDCP 2.2, ambalo si nyongeza ya lile la kwanza bali ni ufundi mwingine kabisa, wenye vyeti na kufuli za aina nyingine. Filamu ya namna hiyo hubeba alama inayosema isipelekwe kwa chombo kilicho chini ya 2.2. Televisheni ya kaunta inajua toleo la kwanza tu. Ilipounganishwa peke yake, kisanduku kilimtambua mgeni huyo na kikampa filamu ya ukali wa kawaida, isiyo na alama. Lakini kupitia splita kilitoa ya 4K kwa ajili ya ile mpya, na splita, kwa kufuata leseni yake, ikafunga mlango wa kaunta. Visanduku vingine huamua kinyume: vikiona kuna mzee mmoja nyuma ya splita, huwashushia wote ukali ili kila mtu aone. Hapo mtu hulalamika kwamba televisheni yake ya 4K ni bandia, kumbe inaonyeshwa inachopewa.

Dawa ilikuwa ndogo. Tuliingia kwenye mipangilio ya kisanduku, tukakiamuru kitoe ukali wa kawaida siku zote, na vioo vyote viwili vikapata filamu. Televisheni mpya ilipoteza ukali, lakini kwa mteja anayekula chipsi mita nne kutoka ukutani, sidhani kama aliona tofauti. Na anayetaka kununua televisheni ya 4K iliyotumika aangalie maandishi kando ya matundu. Zile za mwanzo, za miaka ya 2013 na 2014, nyingine zilikuwa na HDCP 2.2 kwenye tundu moja tu kati ya matatu au manne, na nyingine hazikuwa nayo kabisa. Kuhamisha waya tundu moja kushoto kunaweza kukuokolea bei ya televisheni.

Vijana nao wana kisa chao. Siku hizi wengi hucheza michezo ya kompyuta na kurusha mchezo wao kwenye intaneti, na kwa kazi hiyo hununua kisanduku cha kunasa picha. Kisanduku hicho hupokea picha kutoka kwenye mashine ya mchezo, huipitisha kwenda kwenye televisheni, na wakati huohuo huitoa kwenda kwenye kompyuta. Kijana huona mchezo vizuri kwenye televisheni, lakini kwenye kompyuta kuna weusi au maandishi ya kukataa. Hudhani ameuziwa kibovu.

Hakijaharibika. Leseni ya HDCP hairuhusu picha iliyofungwa itolewe kidijitali upande wa pili ikiwa wazi, na kunasa ndiko huko. Kisanduku kinaweza kuipitisha ikiwa bado ina kufuli mpaka kwenye televisheni, lakini kompyuta hakiwezi kuipa. Mashine ya PlayStation 4 ilipotoka Novemba 2013 ilifunga kila kitu, hata mchezo ambao hakuna filamu ndani yake. Wachezaji walilalamika, na Aprili 2014 likaja badiliko lililowawezesha kuzima kufuli wakati wa kucheza. Ukiwa na mashine hiyo, ingia `Settings`, kisha `System`, uondoe alama kwenye `Enable HDCP`. Ukiiondoa, programu za kuonyesha filamu zitakataa kufunguka mpaka uirudishe. PlayStation 3 haina kitufe hicho.

Sina ugomvi na mwenye filamu kulinda mali yake. Ila tuambiane ukweli kuhusu kufuli lenyewe. Tangu mwaka 2001 wataalamu walionyesha kwamba mtu akipata namba za siri za vyombo kama 40 anaweza kulikokotoa jedwali mama, kwa kuwa hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Septemba 2010 jedwali hilo likatokea kwenye intaneti, na Intel ikakiri kwamba ndilo lenyewe. Aliyekusudia kunakili alikwisha kupata mlango, ingawa ni wa toleo la kwanza. Anayebaki kuhojiwa kila sekunde mbili ni mwenye mgahawa na projekta yake ya zamani. Hata madukani zipo splita za bei rahisi zinazojibu mahojiano kana kwamba ni televisheni, kisha zikatoa picha bila kufuli. Leseni hairuhusu, na kwenye boksi hutalikuta jambo hilo limeandikwa. Utalisikia kwa muuzaji akinong'ona.

Kabla hujamwita fundi, tazama giza lako ni la aina gani. Kama orodha inaonekana na filamu haionekani, shuku HDCP. Kioo kikijaa chenga za rangi, mara nyingi picha inafika ikiwa na kufuli na mpokeaji amepoteza ufunguo. Kama hata orodha haionekani, huenda vyombo havikuelewana juu ya ukubwa wa picha, na hilo ni jambo jingine. Au kweli waya umekufa. Waya mrefu na mwembamba nao unaweza kuvuruga mahojiano. Zima vyote, kisha washa televisheni kwanza, splita baadaye, na chombo kinachotoa picha mwisho, ili kikianza kuuliza kiwakute wote wako macho. Na ukienda kununua splita usiulize tu ina matundu mangapi. Muulize muuzaji ni HDCP toleo gani, na asipojua, mwombe akufungulie boksi mlisome pamoja.