Sampuli Isiyo na Mwenyewe: Mhandisi Asiye na Cheo na Unyevu wa Mawe ya Shaba

Mada kwa semina ya wahandisi wa viwanda vya madini, Likasi



1. Utangulizi

Niliombwa nizungumze kuhusu uongozi wa mhandisi asiye na mamlaka. Maana yake wote tunaijua: ni kuwafanya watu wasio chini yako wabadilishe namna ya kufanya kazi, bila uwezo wa kuwaamuru, kuwapandisha cheo wala kuwaadhibu. Tofauti ya mamlaka na ushawishi tulifundishwa chuoni, kwa hiyo sitairudia. Nitatumia muda wangu kwa jambo moja nililohangaika nalo kwa miaka: unyevu wa mawe yanayopokelewa kiwandani. Mfano wangu unatoka katika kiwanda ambacho sitakitaja, na nazungumza kwa jina langu, si kwa niaba ya mwajiri yeyote.

2. Kazi ambayo haikuwa ya mtu

Mji wetu unayeyusha mawe kwa asidi tangu kiwanda cha Shituru kilipoanza mwaka 1929, enzi za Union Minière. Hesabu ya msingi haijabadilika. Lori linapimwa likiwa na mzigo, kisha likiwa tupu, na tofauti ni uzito wa mawe pamoja na maji yake. Shaba inahesabiwa juu ya uzito mkavu. Kwa hiyo lazima tujue asilimia ya maji, nayo tunaipata kwa sampuli moja ndogo iliyochukuliwa kwenye lori.

Fuateni mfuko wa sampuli hiyo. Anayeuchukua juu ya lori ni kijana wa idara ya ununuzi. Karani wa mizani, ambaye yuko chini ya usafirishaji, anaandika namba ya lori. Mfuko unakaa kando ya kibanda hadi gari la labo lipite, mara nyingi baada ya saa nyingi. Labo inaupima, inaukausha kwenye tanuri la nyuzi 105 na kutoa asilimia ya unyevu. Mwishoni idara ya fedha inapiga hesabu na kumlipa muuzaji. Kila mmoja anatimiza kilichoandikwa kwenye karatasi ya kazi yake. Zile saa ambazo mfuko umekaa juani, mdomo wazi, hazimo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Tutazame hesabu. Sampuli ya gramu 5,000 yenye unyevu wa asilimia 14 ina gramu 4,300 za mawe makavu. Ikipoteza gramu 222 za maji kwa jua, inafika labo ikiwa na gramu 4,778. Labo inapima kwa uaminifu na kuandika unyevu wa asilimia 10. Lori lililobeba tani 30 sasa linahesabiwa kuwa na tani 27 kavu, wakati kweli ni tani 25.8. Mawe yakiwa na asilimia 3 ya shaba, kiwanda kinalipia kilo 810 na kupokea kilo 774. Kilo 36 zimelipiwa na hazikuwahi kuingia getini.

Hasara haiishii kwenye malipo. Tuseme matangi yanatoa asilimia 85 ya shaba iliyoingia kweli, yaani kilo 658. Ukizigawa kwa 810 za kwenye karatasi, unapata asilimia 81. Mkutano wa uzalishaji unauliza pointi 4 zimekwenda wapi, na watu wa matangi wanaongeza asidi, wanarefusha muda wa kuchanganya, wanabadilisha usagaji, wakitafuta shaba ambayo haikuwepo. Inasikitisha kuona mafundi hodari wakilaumiwa msimu mzima kwa kosa la mfuko usiofungwa.

3. Namna ya kulitambua

Dalili ya kwanza ni majira. Kuanzia Mei hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, mavuno ya matangi yanaonekana kushuka. Mvua zikianza, mambo yanageuka: mfuko ulio mdomo wazi unanyeshewa kando ya kibanda, unyevu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo ndani ya lori, na sasa wauzaji ndio wanaolalamika kuwa wanaibiwa. Kosa ambalo upande wake unabadilika na mvua haliko kwenye matangi.

Dalili ya pili ni muda. Panga malori kwa saa ambazo mfuko ulisubiri. Ikiwa mawe ya machimbo yaleyale yanaonekana makavu zaidi kadiri mfuko ulivyochelewa, umepata jibu.

Uthibitisho ni mifuko pacha. Sampuli moja inachanganywa vizuri na kugawanywa mara mbili. Nusu ya kwanza inapimwa palepale mizani, nusu ya pili inafuata njia ya kila siku. Tofauti ya unyevu kati ya pacha hizo inaonyesha maji yaliyopotea au kuingia njiani.

4. Tulivyobadilisha bila amri

Jambo la kwanza lililotumwa juu lilikuwa ripoti ya mhandisi mmoja wa matangi, iliyoandikwa kwa uzuri na kuwasilishwa kwa wakurugenzi. Haikuzaa kitu. Labo ilijibu kwamba tanuri lake limekaguliwa, nayo ilikuwa kweli. Ununuzi ulijibu kwamba sampuli zinachukuliwa kwa utaratibu, nayo pia ilikuwa kweli. Ripoti inayotafuta mkosaji mahali ambapo kila mtu ametimiza wajibu wake huwafanya wote wajilinde.

Kilichosaidia kilikuwa kuwaomba wenyewe wapime. Tulikwenda kwa mkuu wa kila idara kivyake na kuomba ruhusa ya jaribio la mifuko pacha, si ya kubadilisha utaratibu. Karani wa mizani, Papa mmoja ambaye amezeeka kwenye kibanda kile, ndiye aliyeshika mizani na kuandika namba kwa mkono wake. Fundi wa labo alikausha pacha zote mbili. Namba zilipotofautiana, hapakuwa na mgeni wa kupinga: zilikuwa namba zao. Papa ndiye aliyesema kwamba mfuko upimwe kwake kabla haujaondoka.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Sampuli inachukuliwa lori likiwa kwenye mizani, si asubuhi ili lori lipimwe jioni. Inapimwa hapohapo kwa mizani ndogo inayosoma hadi gramu 5 au chini ya hapo, na uzito wa mbichi unaandikwa kwenye lebo pamoja na namba ya lori na saa. Labo inakausha mfuko wote hadi vipimo viwili vinavyopishana saa moja vilingane, kisha unyevu unahesabiwa kutoka uzito wa kwenye lebo. Hata maji yakipotea au yakiingia njiani, hesabu haisogei, mradi mawe yenyewe hayakumwagika.

Kuhamia hesabu mpya ndiko kulikohitaji subira. Hesabu ya zamani iliendelea kutumika kwa malipo, na ile mpya iliandikwa kando yake, safu kwa safu, kiangazi na mvua. Ununuzi waliogopa kwamba wauzaji wangehamia kwa wengine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kiangazi wauzaji walikuwa wananufaika. Lakini safu za msimu wa mvua ziliwaonyesha nao kwamba wanapoteza. Mwakilishi wao alikaribishwa kusimama kibandani na kusaini lebo, na mikataba mipya ndiyo iliyotaja hesabu mpya. Hakuna mkataba uliobadilishwa katikati.

5. Mipaka ya njia hii

Nisieleweke vibaya. Ushawishi hauwezi kutengeneza kila kitu. Kuchota juu ya lori hakufiki chini, na mabonge makubwa hayaingii mfukoni. Mwaka 1947, Pierre Gy, mhandisi kijana katika mgodi wa M'Fouati ng'ambo ya pili, Kongo ya Wafaransa wakati ule, alitakiwa akadirie kiwango cha madini katika lundo la tani zipatazo 200,000, lenye mawe ya kila ukubwa. Swali la sampuli ngapi na kubwa kiasi gani halikuwa na jibu la kuridhisha, akalifanya kazi ya maisha yake. Nadharia ya sampuli tunayoitumia leo ilianzia hapo. Lakini kuitekeleza kwetu kunataka mashine ya kukata sampuli kwenye mkanda unaosafirisha mawe, na mashine ni fedha. Hapo anahitajika mwenye saini.

Wala ushawishi hauzuii udanganyifu. Mtu akitaka kujaza lebo bila kupima, atajaza. Utamjua: uzito wote ni wa duara, 5,000 na 5,000 na tena 5,000, au safu nzima ya zamu imeandikwa kwa kalamu na mwandiko mmoja bila saa kupishana.

Mpaka wa tatu ndio unaoniumiza zaidi. Kazi isiyo na mwenyewe ikitengenezwa na mtu wa hiari, inamtegemea yeye. Akihamishwa, lebo zinaanza kurudi labo bila uzito wa mbichi, na labo, kwa kuwa haikuamriwa kuzikataa, inarudia kupima mfuko uliokauka. Nimeliona hilo, na hakuna aliyekusudia ubaya.

6. Mapendekezo

Kwa heshima kwa uongozi wa viwanda vyetu, napendekeza:

1. Sampuli ya unyevu ichukuliwe lori likiwa kwenye mizani.
2. Uzito wa mbichi uandikwe kwenye lebo kabla mfuko haujaondoka.
3. Mfuko uwe wa plastiki nzito na ufungwe, hata baada ya kupimwa, ili mawe yasimwagike.
4. Labo iwe na ruhusa ya maandishi kukataa mfuko usio na uzito wa mbichi.
5. Mkuu wa zamu ya mizani aandikiwe, katika karatasi ya kazi yake, kwamba uzito huo ni wake. Bila hili, mengine yote ni ya muda.
6. Mifuko pacha irudiwe mara moja kila mwezi, kiangazi na mvua, na matokeo yasomwe katika mkutano wa uzalishaji.
7. Mkutano huo usiwaulize watu wa matangi kuhusu mavuno kabla ya kuona matokeo ya pacha.
8. Mwakilishi wa wauzaji awe na haki ya kuona upimaji na kusaini lebo.
9. Hesabu mpya iende sambamba na ya zamani kwa kiangazi kimoja na mvua moja kabla ya kutumika kwa malipo.
10. Mhandisi anayeona tatizo la idara tatu apewe ruhusa ya kupima katika idara zote tatu, hata kama hapewi cheo.
11. Fedha za mashine ya kukata sampuli zijadiliwe kwa kulinganisha bei yake na kilo zinazolipiwa bila kupokelewa.
12. Narudia la tano: mwenye kazi atajwe kwa cheo, kwa maandishi, ili lebo iendelee kujazwa hata sisi tulioianzisha tukihamishwa.

Kama kikao hiki kitaweza kupitisha moja tu kati ya haya, naomba liwe hilo la tano.