Mafungu ya Maneno Yaliyo Tayari na Kasi ya Usemi kwa Wageni Wanaojifunza Kiswahili

Mgeni aliyemaliza kozi ya kwanza ya Kiswahili kwa kawaida anajua mengi kuliko anavyoweza kusema. Mpe zoezi la kuandika kuhusu ngeli na viambishi, atalipatia. Muulize kwa mdomo kama amekisoma kitabu alichopewa jana, naye atakwama baada ya silabi ya kwanza. Wengi wetu huona kwamba hapo kinachokosekana ni sarufi zaidi au msamiati zaidi, na hivyo tunamwongezea vyote viwili. Makala hii inatetea msimamo tofauti: kusita kwake kunatokana na kwamba kila neno analijenga upya wakati anasema, na dawa yake ni kumpa mafungu ya maneno yaliyo tayari, ayazoee mpaka yatoke bila kutafutwa, ndipo ayafungue na kuona yameundwaje.

Tuchukue jibu ambalo Mswahili hulitoa kwa pumzi moja: “Kile kitabu ulichonipa, bado sijakisoma.” Ndani ya *ulichonipa* kuna kiambishi cha mtenda, cha wakati, cha urejeshi kinachofuata ngeli ya kitabu, cha mtendwa, kisha mzizi. Ndani ya *sijakisoma* kuna vipande vinne vingine. Mwanafunzi anayeunganisha vipande hivyo kimoja kimoja ana maamuzi tisa ya kufanya katika sekunde mbili au tatu, na akili ya binadamu haiwezi kushika mambo mengi kwa mara moja. George Miller alieleza mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba, na kwamba njia ya kubeba zaidi ni kuvikusanya vitu hivyo katika mafungu. Aliye na *bado sija-* kama kitu kimoja amekwisha kuvuka ukanushi, nafsi na wakati kabla hajaanza kufikiri. Kilichobaki ni kitenzi, na pale inapohitajika, kiambishi cha mtendwa.

Wazungumzaji wazawa wenyewe hawasemi kwa kujenga kila kitu upya. Andrew Pawley na Frances Syder, katika makala yao ya mwaka 1983, walionyesha kwamba msemaji wa Kiingereza hutegemea akiba kubwa sana ya sentensi na vipande vya sentensi alivyovihifadhi vikiwa vizima, na kwamba ndiyo maana anaweza kwenda mbele bila kusimama katikati ya kishazi. Britt Erman na Beatrice Warren walipohesabu mwaka 2000, waliona kuwa zaidi ya nusu ya maneno katika matini za Kiingereza walizozichunguza yalikuwa sehemu ya mafungu ya namna hiyo. Sikiliza mazungumzo ya kawaida mjini Zanzibar au Morogoro na utasikia jambo hilohilo: *sijui niseme vipi*, *kama ulivyosema*, *nilikuwa nataka kukuuliza*, *siyo kwamba sitaki, ila*. Mafungu haya humnunulia msemaji muda. Wakati mdomo unamalizia *nilikuwa nataka kukuuliza*, akili imekwisha kwenda kutafuta swali lenyewe.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kujua tatizo la mwanafunzi asianze na makosa, aanze na vituo. Amrekodi kwa dakika mbili, kisha aandike alichosema na kuweka mkwaju kila anaposimama. Kituo kati ya kishazi na kishazi hakina ubaya. Hata mzawa husimama hapo. Kituo kilicho ndani ya neno, kama *ni / li / m… / mwambia*, ndicho kinachoonyesha kwamba neno linaundwa papo hapo. Vituo hivyo ndivyo orodha ya mafungu ya kumfundisha, kwa sababu vinataja maumbo anayoyahitaji na ambayo bado hayajakaa.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba huku ni kufundisha ukasuku: mwanafunzi atasema haraka asichokielewa. Hatari hiyo ipo kweli. Florence Myles na wenzake, walipochunguza wanafunzi nchini Uingereza waliokuwa wakianza Kifaransa, walikuta mafungu yaliyokaririwa yakitumiwa mahali pasipofaa: swali la kumuuliza mtu jina lake lilitumika hata kuuliza jina la mtu wa tatu, likiwa na umbo lilelile la nafsi ya pili. Kwa Kiswahili kosa kama hilo husikika pale mgeni anaposema *yeye bado sijafika*. Lakini utafiti huohuo, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kilichofuata: haja ya kuzungumzia watu wengine iliwasukuma wanafunzi kulivunja fungu, na vipande vyake vikaanza kutumika katika sentensi mpya. Miaka ya 1970 Lily Wong Fillmore aliona mwendo wa namna hiyo kwa watoto wenye lugha ya Kihispania waliokuwa wakijifunza Kiingereza California. Fungu lilikuja kwanza likiwa zima, kisha nafasi moja ndani yake ikalegea, kisha sarufi ikachomoza humo. Kukariri kunakuwa ukasuku pale tu mwalimu anapoishia hatua ya kwanza. Akishazoea *bado sijaelewa* na *bado sijafika*, mwanafunzi aulizwe habari za rafiki yake, na *bado hajafika* italazimika kujengwa.

Wengine watasema kwamba zoezi la kurudiarudia huleta kasi kwa sentensi zilizorudiwa tu. Hapa namna ya kurudia ina uzito mkubwa. Kukariri orodha kwa sauti hakusaidii sana, kwa sababu hakuna anayeelezwa chochote. Zoezi lililobuniwa na Keith Maurice hufanya vinginevyo: mwanafunzi humsimulia mwenzake jambo kwa dakika nne, halafu humsimulia mwingine jambo lilelile kwa dakika tatu, na wa tatu kwa dakika mbili. Habari haibadiliki, msikilizaji ni mpya, na muda unabana. Mwaka 2011 Nel de Jong na Charles Perfetti waliripoti kwamba waliorudia mada ileile kwa njia hii walibaki na wepesi wao hata walipopewa mada mpya, tofauti na waliobadilishiwa mada kila mara. Katika darasa la Kiswahili, mafungu matano au sita yaliyochaguliwa kwa ajili ya simulizi hiyo yanatosha kwa juma moja. Yakizidi hapo, mwanafunzi huanza kuyatafuta, na kule kuyatafuta ni kusita kulekule tulikotaka kukuondoa.

Kuna mipaka ambayo mafungu hayaivuki. Hayamsaidii mgeni kujenga hoja ambayo hajawahi kuisikia, na fungu lililofundishwa bila kutaja anayeambiwa huweza kumwaibisha. Anayemjibu mzee *poa* kwa haraka hajapata ufasaha wowote. Fungu la *shikamoo* na *marahaba* lifundishwe pamoja na nani humwamkia nani. Vivyo hivyo *naomba* dukani ifundishwe kabla ya *nataka*. Na kwa upande wa kupima, mtihani wa mdomo usimpe mwanafunzi alama kwa kulitamka fungu alilofundishwa. Apewe kitenzi ambacho hakikuwamo katika mazoezi, kwa mfano *-la*, aulizwe kama wenzake wamekwisha kula. Akisema *bado hawajala* bila kusimama kati ya silabi, bila kuichukua *ku* ya *kula*, fungu limefunguka. Akisema *bado sijakula* kwa kasi nzuri, bado limefungwa, hata kama mtahini amefurahishwa na wepesi wake.