Kapsuli ya Vitamini A: Tarehe Iliyo Kwenye Kijitabu

Leo tuzungumze juu ya ile kapsuli ya mafuta ambayo muuguzi huikata ncha na kuikamua mdomoni mwa mtoto.

Nianze na kisa. Mama mmoja wa hapa Kutulo alileta binti yake wa miezi 13 kliniki, akapewa kapsuli nyekundu, na tarehe ikaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Siku chache baadaye familia ikahama na mifugo, kijitabu kikabaki ndani ya sanduku kwa nyanya. Wiki 2 hazijaisha, wahudumu wa afya wakafika malishoni. Mama aliulizwa kama mtoto amepata vitamini, akajibu, "Alipewa matone, sijui ya nini." Mtoto akapewa kapsuli nyekundu ya pili.

Usiku ule alitapika mara 3, akalia bila kunyamaza. Asubuhi alikataa uji, na utosi wake ulikuwa umeinuka kidogo. Mama akapanda lori akarudi kwetu.

Kwa nini ilitokea hivyo? Vitamini A huwekwa akiba ndani ya ini, kama vile sisi tunavyoweka maji ya mvua ndani ya birika tukitarajia kiangazi. Ndiyo maana dozi moja kubwa humtosha mtoto kwa miezi 4 hadi 6. Lakini birika lililojaa ukiliongeza maji hufurika. Vitamini hii ikizidi haitoki upesi na mkojo.

Kwa hiyo kuna ratiba. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa dozi moja ya yuniti 100,000, na kapsuli yake kwa kawaida ni ya buluu. Kuanzia miezi 12 hupewa yuniti 200,000, ile nyekundu, kila baada ya miezi 6 mpaka atimize miaka 5. Aliye chini ya miezi 6 hapewi. Yeye anyonye maziwa ya mama peke yake. Kama hujapita mwezi mmoja tangu dozi ya mwisho, mtoto asipewe nyingine.

Mwenye ukambi yuko mbali na ratiba hii. Ukambi humaliza akiba haraka na unaweza kuharibu macho, basi yeye hupewa dozi siku ya kwanza na nyingine siku ya pili, kwa amri ya mhudumu wa afya. Hali kadhalika mtoto ambaye jioni, mbuzi wanaporudi bomani, anajikwaa na kupapasa njia, au ana doa jeupe kama povu kwenye jicho. Huyo mlete upesi, usingoje miezi 6. Na mtoto aliyekonda sana anayekula chakula cha pakiti cha karanga anapata vitamini A humo humo, kwa hiyo mwambie muuguzi kabla hajakata kapsuli.

Sasa dalili za kuzidi. Hata dozi moja ya kawaida, watoto wachache hutapika, huumwa kichwa, huharisha kidogo, au wachanga wao huinuka utosi. Hali hii huanza ndani ya siku moja na huisha yenyewe kwa siku 1 au 2. Mnyonyeshe mara kwa mara. Lakini akiwa na homa, degedege, shingo ngumu, au hawezi kunyonya, usiseme ni vitamini. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine mkali, mkimbize hospitali. Anayepewa nyingi kwa muda mrefu ngozi hukauka na kubambuka, nywele hutoka, na mifupa humuuma.

Yule binti tulimpima. Hakuwa na homa, shingo ilikuwa laini, na alikuwa ananyonya. Tulimweka karibu nasi tukimwangalia, na siku ya pili utosi ulishuka akaomba uji. Tuliandika dozi zote 2 kitabuni, na mama akahesabu nasi miezi 6 kuanzia ile ya mwisho.

Mama, usiweke kapsuli hizi nyumbani wala usinunue dukani. Na wewe mwenye mimba usimeze hata moja, kwani dozi kubwa hivi inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.

Mkihama, kijitabu kisafiri na mtoto, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa 5 na mwezi wa 11, kitoe kwanza kabla mtoto hajafungua mdomo. Kikipotea, mwambie muuguzi ni lini mtoto alikatiwa kapsuli mara ya mwisho. Usipokumbuka, na huenda ni ndani ya mwezi huu, omba asubiri.