Mbolea ya Machi, Mahindi ya Mei: Kwa Nini Gharama Hungoja Mapato Yake

Katika semina moja hapa mjini, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema kwamba kanuni ya ulinganishaji imekufa, na kwamba tunawapotosha wanafunzi tukiendelea kuifundisha. Ushahidi wake ulikuwa Mfumo wa Dhana wa mwaka 2018, ambamo Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu inasema waziwazi kuwa kulinganisha gharama na mapato si lengo la mfumo huo. Kwake yeye, gharama ni kupungua kwa mali au kuongezeka kwa deni, basi. Pima mizania vizuri, faida itajitokeza yenyewe.

Nimeibeba kauli hiyo kifuani tangu siku ile. Tofauti ya hesabu za fedha taslimu na hesabu zinazofuata tukio lenyewe wenzangu mnaijua, kwa hiyo siirudii. Naingia moja kwa moja shambani.

Marehemu baba yangu alilima mahindi katika kaunti hii ya Uasin Gishu, na hesabu zake aliziandika katika daftari la shule la kurasa 96. Fedha ikitoka, aliandika siku hiyo. Ikiingia, vivyo hivyo. Hakudanganya hata shilingi. Mwaka mmoja alipeleka daftari hilo kwa mkopeshaji fulani, akaambiwa kwamba shamba lake linakula hasara na mkopo hawezi kupewa. Wakati huohuo ghala lake lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilimwona akirudi nyumbani kimya, daftari kwapani. Kilichomponza ni mstari uliochorwa tarehe 31 Desemba, ukaiacha mbolea upande mmoja na mahindi yake upande wa pili.

Tuchukue mfano wa ekari kumi, kwa tarakimu nilizozichagua ziwe nyepesi. Kulima kwa trekta, mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, palizi, kuvuna, kupukuchua na kukausha vinagharimu shilingi 350,000, zote zikilipwa kati ya Februari na Novemba. Shamba linatoa magunia 200 ya kilo 90. Kila gunia, basi, limebeba shilingi 1,750. Mwezi Desemba mkulima anauza magunia 50 kwa shilingi 3,500 kila moja apate karo ya Januari. Yale 150 anayaweka hadi Mei, bei inapopanda, na kuyauza kwa shilingi 4,000.

Kwa daftari la baba, mwaka wa kwanza umeingiza 175,000 na kutoa 350,000, yaani hasara ya 175,000. Mwaka wa pili unaonyesha 600,000 zilizoanguka kama mvua, bila jasho lililozileta. Kwa ulinganishaji, mwaka wa kwanza unabebeshwa gharama ya magunia 50 tu yaliyouzwa, nayo ni 87,500, na faida yake ni 87,500. Shilingi 262,500 zilizobaki zinalala ghalani pamoja na magunia 150, zikiwa mali. Mwezi Mei magunia yakitoka, nazo zinatoka, na faida ya mwaka wa pili ni 337,500. Jumla ya miaka yote miwili ni 425,000 kwa njia zote mbili. Kanuni haiongezi wala haipunguzi senti. Inachofanya ni kuuambia kila mwaka ukweli wake.

Mnisamehe nikikaa kidogo na kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma hii. Mwaka 1940 William Paton na A. C. Littleton, mmoja wa Michigan na mwingine wa Illinois, walitoa kitabu chembamba kuhusu misingi ya viwango vya hesabu za makampuni. Wazo lao kuu ni kwamba gharama hushikana. Dizeli, mbegu na kibarua cha palizi vinapoingia katika kazi moja, haviko tena vitatu mbalimbali, bali vimeungana katika kitu kipya kinachotengenezwa. Faida, kwao, ni kipimo cha juhudi ikiwekwa kando ya matunda yake. Nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na nilipofika hapo nililiona ghala la baba. Waandishi hao walikuwa wakifikiria viwanda, lakini sijaona maelezo bora zaidi ya gunia la mahindi.

Sasa nirudi kwa mwenzangu. Silaha yake kali ni Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu nambari 41, kinachohusu kilimo, ambacho kilianza kutumika mwaka 2003. Kiwango hiki hakingoji mauzo. Mazao yanapimwa kwa thamani ya soko, gharama za kuuza zikiondolewa, siku yanapovunwa. Katika mfano wetu, bei ya mavuno ikiwa 3,500 na mnunuzi akija mwenyewe shambani, magunia 200 yanaleta 700,000 mwaka wa kwanza, na faida ya mwaka huo ni 350,000. Mwaka wa pili unabaki na 75,000 za kupanda kwa bei. Jumla ni ileile 425,000. Mwenzangu anasema: ulinganishaji uko wapi hapo?

Upo palepale. Kiwango kimeyasogeza mapato kutoka siku ya kuuza hadi siku ya kuvuna, na gharama za kukuza zimeyafuata hadi mwaka huohuo. Kilichobadilika ni jibu la swali la lini mapato yamepatikana. Tazama pia taasisi inayofunga hesabu tarehe 30 Juni, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kiwango hichohicho kinakubali kwamba, pale mabadiliko ya mmea tangu gharama ziingie ni madogo, gharama yenyewe inaweza kukaribia thamani ya soko. Jina limeondolewa mlangoni, lakini mwenye nyumba ni yuleyule.

Hata hivyo kuna jambo analosema kweli, nami nalikubali bila kigugumizi. Ulinganishaji ukiachwa bila mlinzi huwa kichaka cha kufichia hasara. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, wapo wakulima waliopoteza sehemu kubwa ya shamba. Mbolea iliyokwenda na mahindi yaliyoliwa haiwezi kusogezwa mwaka unaofuata kwa matumaini ya mavuno mazuri, kwa sababu mavuno hayo hayatatokana nayo. Vivyo hivyo, magunia 20 yakiota kuvu ghalani, shilingi 35,000 zao ni hasara ya siku ile. Kukausha mahindi mpaka unyevu wa asilimia 13.5 ili yakubalike sokoni kunashikana na gunia. Kodi ya ghala wakati wa kusubiri bei haishikani nalo, bali ni gharama ya miezi iliyopita.

Lakini chukueni chokaa. Udongo wetu mwingi hapa una asidi, na chokaa ikimwagwa mara moja hufanya kazi kwa misimu kadhaa. Mwenzangu angeifuta yote mwaka wa kwanza, akisema hakuna anayeweza kuichota ardhini akaiuza. Mimi nasema kama ni shilingi 40,000 na inatarajiwa kutumika misimu minne, kila mavuno yabebe 10,000, mradi shamba ni langu. Nikiwa nimekodi ekari kwa msimu mmoja, zote 40,000 ni za msimu huo, maana mavuno yajayo ni ya mtu mwingine. Na mwaka wa tatu, kipimo cha udongo kikionyesha asidi imerudi pale ilipokuwa, zile 10,000 zilizobaki daftarini nazifuta siku hiyohiyo.