Kuandika Ombi la Idhini ya Maadili kwa Mahojiano na Wakimbizi wa Ndani: Mfano wa Mtaa wa Rhonda, Nakuru

Mada kwa semina ya watafiti chipukizi



1. Utangulizi

Maombi mengi yanayofika mbele ya kamati za maadili huanza na fomu ya ridhaa, yakaendelea na usiri, kisha hatari ikapewa mistari miwili mwishoni: "Utafiti huu hauna hatari kubwa kwa washiriki." Pendekezo langu leo ni kwamba tuanze na hatari. Mtafiti akishajua ni nini kinachoweza kumdhuru mshiriki, nani atamdhuru na kupitia njia gani, ndipo anapojua amwahidi nini na amfiche vipi.

Nitatumia mfano wa utafiti wa kubuni. Tuseme tunataka kuwahoji watu waliokimbia makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wasiingie kambini au wakaiacha mapema, na sasa wamepanga nyumba Rhonda. Tunataka kujua jinsi walivyotendewa katika usajili na fidia. Ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa zaidi ya 600,000. Nakuru yenyewe iliwaka mwishoni mwa Januari 2008, na mitaa ya magharibi ya mji, Rhonda na Kaptembwo ikiwemo, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia. Waliopiga hema katika Uwanja wa Maonyesho na Afraha walionekana na kuhesabiwa. Waliojisitiri kwa jamaa au katika vyumba vya kupanga ilikuwa vigumu kuwaona, na wengi walikosa msaada.

2. Hatari: kutoka swali hadi madhara

Hatari ya kwanza ni jirani. Rhonda ni mtaa wa ploti: vyumba vya mabati vinavyotazama ua mmoja, bomba moja, ukuta usiozuia sauti. Aliyefukuzwa na aliyeshiriki kufukuza wanaweza kuwa wapangaji wa mwenye nyumba mmoja. Mahojiano ya saa nzima chumbani husikika, na mgeni mwenye mkoba na kinasa sauti huulizwa habari zake na ploti nzima. Kwa hiyo ombi liseme mahojiano yatafanyika wapi. Chumba cha kukodi katikati ya mji, ambako mtu huenda kwa shughuli zake za kawaida, kinafaa zaidi, na nauli iwekwe kwenye bajeti.

Hatari ya pili ni kugeuka shahidi bila kukusudia. Kesi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya Uhuru Kenyatta, iliyogusa matukio ya Nakuru na Naivasha, iliondolewa Desemba 2014. Ile ya William Ruto na Joshua Sang ilikatishwa Aprili 2016, na suala la kuingilia mashahidi likatajwa waziwazi. Mkaaji wa Rhonda anajua kuwa kumtaja mtu kuna bei. Mtafiti naye hana kinga ya kisheria aliyo nayo wakili kwa siri za mteja wake. Mahakama ikiamuru, kanda zinaweza kudaiwa.

Dawa bora ya hatari hii ni kulipunguza swali. Utafiti wetu unahusu usajili na fidia, kwa hiyo hauhitaji kujua nani alichoma nyumba. Ombi liandike hivi: "Hatutauliza waliohusika na mashambulizi. Mshiriki akianza kutaja jina, mhoji atamkumbusha kwa upole, na jina likitajwa litafutwa kabla ya nukuu kuandikwa." Taarifa ambayo hukuikusanya haiwezi kuvuja.

3. Ridhaa: nani anafungua mlango

Baada ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa kukubali, mtafiti huomba kibali cha NACOSTI, kisha hujitambulisha kwa utawala wa kaunti. Chifu atajua kuwa utafiti upo, na ni haki yake kujua. Asichopaswa kujua ni akina nani waliohojiwa. Mtafiti akiletwa mlangoni na chifu, mzee wa Nyumba Kumi au mwenyekiti wa kikundi cha wakimbizi, mwenyeji hukubali kwa sababu anaogopa kufutwa kwenye orodha ijayo. Ridhaa hiyo imeharibika kabla fomu haijasomwa. Afadhali habari za utafiti zitangazwe kupitia njia kadhaa, kisha anayetaka amtafute mtafiti mwenyewe.

Suala la fidia nalo lisemwe mapema. Baadhi ya familia zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na nyingine 25,000 za kujenga upya nyumba. Nyingi hazikupata chochote. Mtu mwenye kalamu na orodha ya maswali kuhusu mwaka 2008 hudhaniwa ni wa serikali. Maelezo ya ridhaa, yakisomwa kwa sauti, yaseme:

"Mimi si mtu wa serikali wala wa shirika la misaada. Ukizungumza nami, jina lako halitaingia kwenye orodha ya fidia. Ukikataa, hakuna utakachopoteza. Unaweza kuacha swali lolote. Ukitaka niondoe maneno yako, niambie ndani ya majuma manne. Baada ya hapo yatakuwa yamechanganywa na ya wengine na sitaweza kuyatenga."

Kisha muulize mshiriki akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Akisema "mtatusaidia kupata shamba," rudia upya. Omba kamati ikubali ridhaa ya mdomo, mhoji akitia sahihi kuthibitisha, kwa sababu fomu yenye jina la mkimbizi huenda ndiyo hati pekee inayoonyesha kuwa alizungumza.

4. Usiri: zaidi ya kuficha jina

Chukua maelezo haya: "Mama Atieno (si jina lake), mjane wa miaka 52, muuza omena, alitoroka Naivasha Januari 2008, anaishi Rhonda." Jina ni la bandia, lakini majirani watamtambua. Zaidi ya hayo, mahali na tarehe vinataja kabila hata jina likifutwa. Wengi waliofukuzwa Naivasha mwezi ule walikuwa Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin; wengi waliotoka Eldoret na Burnt Forest walikuwa Wakikuyu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti, basi mji aliotoroka mtu utunzwe kwa uzito huohuo. Maandishi salama zaidi ni: "Mwanamke wa makamo, mfanyabiashara mdogo, alihamia Nakuru kutoka mji mwingine wa Bonde la Ufa." Msomaji anapoteza kidogo, hoja ya usajili inabaki nzima.

Mwanya ambao wengi hawauoni ni pesa. Mtafiti anaahidi usiri, kisha anarudisha nauli kwa M-Pesa, au anamtaka mshiriki aandike jina, namba ya kitambulisho na sahihi kwenye karatasi ya mhasibu. Orodha kamili ya waliohojiwa inakaa kwenye faili la ofisi nyingine. Kabla ya kuwasilisha ombi, kubaliana na idara ya fedha kwamba nauli italipwa taslimu kwa namba ya siri, watafiti wawili wakitia sahihi kama mashahidi, na makubaliano hayo yaambatishwe.

5. Mapendekezo

Kwanza, sehemu ya hatari iandikwe kabla ya nyingine, na kila swali la mahojiano lipimwe dhidi yake. Pili, kila ombi lionyeshe aya moja ya mfano ya jinsi mshiriki atakavyoelezwa kwenye ripoti, ili kamati ijaribu kumtambua. Tatu, karatasi ya malipo ichunguzwe na kamati pamoja na fomu ya ridhaa. Nne, vyuo vyetu vikubaliane na idara zao za fedha utaratibu mmoja wa kulipa nauli bila majina, maana mtafiti mmojammoja hana nguvu ya kuubadilisha peke yake.